Baada ya Kufunga Kibanda

(Mhadhara kwa mafundi wa milango na samani, Lamu)

Assalamu alaikum, mafundi na dada zetu wa biashara.

Mmerudi kutoka maonyesho ya Mombasa na simu zimejaa picha na namba. Nataka tuzungumzie ujumbe wa kwanza tu, maana hapo ndipo wateja wengi hupotelea.

Wengi wetu huwatumia wote ahsante moja kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp. Tatizo ni kwamba ujumbe wa orodha hiyo humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Mgeni aliyekupa namba yake kibandani huenda hajahifadhi yako, kwa hiyo hapati kitu, nawe wadhani amekupuuza. Kuwatia wote katika kundi moja ni kubaya zaidi: kila mmoja anaiona namba ya mwenzake, naye alikupa wewe peke yako ili umtajie bei. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu mambo kama haya.

Basi andikia mmoja mmoja, ukianza na wale waliotaja kipimo au tarehe. Tuchukue mfano wa bibi mwenye nyumba ya wageni Watamu. Nyuma ya kadi yake umeandika palepale: "mlango, futi 7 kwa 4, kabla ya Desemba." Kesho yake, au keshokutwa, mwandikie hivi:

"Assalamu alaikum, Bi. Ni fundi wa milango wa Lamu. Ahsante kwa kusimama kibandani kwetu Jumamosi. Picha ya kwanza ni ya mlango ulioupenda, ya pili ni nakshi za mfaa wake. Ulisema futi 7 kwa 4: hicho ni kipimo cha tundu la ukuta, au cha mlango bila miimo?"

Liangalieni hilo swali. Bila jibu lake huwezi kupiga hesabu ya mbao, na anayetaka mlango kweli atakwenda kupima. Ukiandika "karibu tena" tu, hana la kujibu.

Picha mbili zatosha, ila ziwe safi. WhatsApp hubana picha na nakshi nyembamba hufifia. Chagua HD kabla ya kutuma. Na kama kuna sura ya mtu mwingine pichani, hasa mama wa watu aliyekuwa akipita, ikate au umwombe ruhusa kwanza.

Akijibu vipimo, mpe bei kwa maandishi: aina ya mbao, malipo ya awali, gharama ya kusafirisha na siku ya kumaliza. Akinyamaza wiki nzima, mwandikie mara moja tena ukiwa na jambo jipya, mathalani picha ya mlango wa kipimo chake ukiwa juu ya meza ya kazi. Akinyamaza tena, mwache. Weka kadi yake pamoja na za wateja wa kualikwa maonyesho yajayo.