Kahawa kutoka mtini hadi kichanjani: mzee anaonyesha

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wanangu hamjambo. Nanyi mnaotutazama kwenye simu, karibuni. Nimeambiwa nihutubie sherehe hii ya kahawa, lakini hotuba siziwezi. Shamba nimeshawaachia watoto, ila mikono bado inakumbuka kazi, ndiyo maana nimeomba ndoo, mashine ya kumenyea na kichanja viletwe hapa mbele.

Kijana wa kamera, sogea kiganjani. Tazameni matunda haya mawili. Hili ni jekundu lote. Nikiliminya, mbegu mbili zinachomoka zenyewe zikiwa na ute. Hili lingine lina kijani karibu na kikonyo. Naliminya… halitoki kitu. Mashine nayo itashindwa vivyo hivyo, itaishia kuliponda. Kwa hiyo chuma jekundu tu, moja moja, usipukuse tawi zima. Mti huohuo utaurudia mara kadhaa msimu mmoja, hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa tuseme leo tumechuma kilo 100. Zimenywe leo hii, zisilale. Ingiza mkono katikati ya gunia lililokaa mchana kutwa, utakuta joto. Huko ndani kahawa imeshaanza kuchacha bila ruhusa yako. Kabla ya kumenya, mimina matunda kwenye maji. Yanayoelea ni mapepe au yametobolewa na wadudu. Yaengue, uyaanike peke yake na maganda yake. Yaliyozama ndiyo yaende mashineni.

Mashine ikianza, chota mbegu za kwanza uzikague. Zikiwa na mikwaruzo, umeikaza mno. Maganda mengi mekundu yakipita pamoja na mbegu, imelegea. Na ukimaliza, ioshe usiku huohuo. Mwaka mmoja nilichoka nikaiacha hivihivi. Mbegu chache zilizonasa ndani zikaoza, kesho yake zikachanganyika na kahawa mpya. Niliponusa kiganja baada ya kuosha, nikasikia uvundo. Sikuweza kuzichambua, maana kwa macho zilifanana na nyingine. Mzigo wote ukauzwa kwa bei ya chini, na nilistahili.

Hatua ya kuvundika ndiyo inayowashinda wengi. Mbegu zikitoka mashineni zinateleza kama sabuni, na ute huo hauoshiki kwa maji peke yake. Ziweke kwenye chombo safi, chuja maji, funika. Penye joto ute unaweza kulegea kwa saa 12 hivi. Penye baridi zinaweza kufika 36 au zaidi. Ndiyo maana usinipigie simu kuniuliza saa ngapi. Uliza mkono wako. Chota kidogo, suuza, fikicha hivi. Mnasikia? Zinakwaruzana kama changarawe, utelezi haupo tena. Au zamisha kijiti katikati ya chombo ukichomoe: shimo likibaki wazi, tayari, likijifunga, bado. Ukifika hapo usingoje kukuche, hata kama ni saa nane ya usiku. Ukizidisha, harufu inageuka kuwa ya siki, na harufu hiyo haitoki tena.

Osha kwa maji safi, badilisha hadi yatoke meupe. Zinazoelea sasa nazo ziondoe.

Twende kichanjani. Watu hudhani jua kali ndilo rafiki wa kahawa. Hii hapa iliachwa kwenye jua la saa sita ikiwa bado mbichi: oneni ganda la ndani lilivyopasuka, mbegu inachungulia. Ganda hilo ni nguo yake. Likipasuka mapema, mbegu inabadilika rangi na kuharibika upesi. Kwa hiyo siku za mwanzo anika tabaka jembamba, acha maji ya juu yakauke, chambua zilizochubuka wakati bado zina unyevu kwa sababu ndipo madoa yanaonekana vizuri. Jua likichoma, funika. Baadaye unaweza kuacha unene wa sentimita 3 hivi, ukigeuza mara nyingi kwa mkono. Mvua na usiku, funika kila siku. Kahawa iliyokauka ikilowa tena inaota ukungu.

Kwa hali nzuri ya hewa utakaa nayo wiki moja na nusu hadi mbili. Mwenye kipima unyevu atafute asilimia 11 hivi. Asiye nacho, amenye ganda na kuuma mbegu. Hii jino limezama, bado. Hii… imegoma, jino limeacha alama ndogo tu, na rangi ni kijani chenye ubuluu. Hii imeiva kichanjani. Zile kilo 100 sasa ni kama kilo 20 zikiwa na ganda lake. Usizifunge zikiwa na joto la jua. Ziache kivulini zipoe, ndipo uzitie kwenye gunia safi, uliweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Haya, nani anataka kuuma nyingine?