Seli Mbili Zinatosha: Kusoma Jedwali Lililopigwa Picha

Mhadhara kwa makarani wa madiko na walimu wa hisabati, Lamu

Assalamu alaikum, na shukrani kwenu mliovuka maji kuja, hasa waliotoka Kizingitini alfajiri.

Picha mnayoiona ukutani nimeipiga kwa simu, kama mnavyozipiga nyinyi mnapotuma daftari la diko. Namba nimezipanga mwenyewe ili mgawanyo usitusumbue, kwa hiyo asizichukue mtu kuwa takwimu za Lamu. Tuseme zimehesabiwa safari 200 za uvuvi, na kila safari ikaandikwa mara moja tu: msimu wake na chombo alichotumia mvuvi.

```
          Jarife  Mshipi  Dema   Jumla
Kaskazi     50      45     25     120
Kusi        40      15     25      80
Jumla       90      60     50     200
```

Swali letu ni moja. Je, chombo anachochagua mvuvi kina uhusiano na msimu, au tofauti tunazoziona ni za bahati tu? Jaribio la kai-mraba limetengenezwa kwa swali la namna hii.

Kabla ya hesabu yoyote, soma picha. Tazameni ile 15 ya mshipi wakati wa kusi. Moja yake ina mkia juu, na simu iliposhikwa kwa pembe imekuwa kama 7. Ukiisoma 75, mlalo wa kusi utatoa 140 badala ya 80, na safu ya mshipi itatoa 120 badala ya 60. Kote kumezidi 60. Mlalo na safu vikikosea kwa kiasi kilekile, kosa liko pale vinapokutana, na seli hiyo umeipata bila kurudi dikoni. Ikiwa ni mlalo peke yake usiokubali, shuku ile jumla yenyewe: ama umeisoma vibaya, ama karani alikosea kujumlisha.

Sasa idadi tarajiwa. Tuchukulie kwamba msimu hauna neno na chombo. Katika safari zote 200, za mshipi ni 60, yaani tatu katika kila kumi. Kama msimu haubadilishi kitu, basi na katika safari 120 za kaskazi tatu katika kila kumi zingekuwa za mshipi, nazo ni 36. Hiyo ndiyo idadi tarajiwa ya seli hiyo. Kwa njia ya mkato unazidisha jumla ya mlalo kwa jumla ya safu, kisha unagawa kwa jumla kuu: 120 × 60 ÷ 200. Fanyeni hivyo kila seli na mtapata 54, 36 na 30 kwa kaskazi, halafu 36, 24 na 20 kwa kusi. Zijumlisheni kwa mlalo na kwa safu. Lazima zirudi 120, 80, 90, 60 na 50. Zisiporudi, msiendelee.

Kwa kila seli tunatoa idadi tarajiwa kutoka iliyoonekana, tunaipandisha tofauti kwa mraba, kisha tunagawa kwa idadi tarajiwa. Mshipi wa kaskazi: 45 toa 36 ni 9, mraba wake 81, gawa kwa 36, ni 2.25. Mshipi wa kusi: 81 ileile gawa kwa 24, ni 3.375. Seli nne zilizobaki ni ndogo kuliko hizo: 0.296, 0.833, 0.444 na 1.25. Jumla ni 8.449.

Je, 8.449 ni kubwa? Hapa ndipo watu wanapopotea, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Nimekwisha kuletewa hesabu zaidi ya mara moja ambamo mtu aliingiza picha nzima kwenye kompyuta, pamoja na mlalo na safu ya jumla. Jedwali la milalo miwili na safu tatu likawa la milalo mitatu na safu nne. Ubaya wa kosa hili ni kwamba kai-mraba haibadiliki hata kidogo. Seli za jumla, idadi yake tarajiwa ni sawasawa na iliyoonekana, kwa hiyo zinachangia sifuri, na seli za ndani zinabaki na idadi tarajiwa zilezile. Mtu anaona 8.449, mwenzake naye ana 8.449, wanapeana mkono. Kilichobadilika ni digrii za uhuru.

Ili mjue ni kitu gani, rudini kwenye picha. Tuseme mwanga wa simu umeifuta yote ndani isipokuwa seli mbili, 50 na 45, na jumla za pembeni zinasomeka. Mlalo wa kaskazi ni 120, toa 95, dema ni 25. Jarife ya kusi ni 90 toa 50, yaani 40. Mshipi wa kusi ni 60 toa 45, yaani 15. Dema ya kusi ni 50 toa 25, yaani 25. Jedwali lote limerudi! Seli mbili ndizo zilizokuwa na uhuru wa kuwa namba nyingine. Nne zilizobaki zilifungwa na jumla. Basi digrii za uhuru ni 2: milalo toa moja, mara safu toa moja, 1 × 2.

Msimcheke aliyekosea hapa. Karl Pearson mwenyewe, aliyelileta jaribio hili mwaka 1900, kwa majedwali kama haya alihesabu seli zote toa moja, na hapa angetupa 5. R. A. Fisher ndiye aliyesahihisha mwaka 1922.

Kwa kiwango cha asilimia 5, mpaka wa digrii 2 ni 5.991, na 8.449 imeuvuka. Mpaka wa digrii 5 ni 11.070, na wa digrii 6, anazopata aliyeingiza jumla, ni 12.592. Yote miwili haikuvukwa. Jaribuni kwenye simu zenu:

```
=CHISQ.DIST.RT(8.449,2)
=CHISQ.DIST.RT(8.449,6)
```

Ya kwanza inatoa karibu 0.015, ya pili karibu 0.21. Daftari moja, kai-mraba moja, majibu mawili yanayopingana. Kwa hiyo karani akiniletea kai-mraba, mimi humuuliza digrii ngapi.

Jibu sahihi, basi, ni kwamba kama msimu na chombo visingehusiana, tofauti kubwa kiasi hiki ingetokea kwa bahati chini ya mara mbili katika mia. Tena seli mbili za mshipi zinabeba 5.625 ya ile 8.449, kama thuluthi mbili. Uhusiano uko hapo. Sababu yake, jedwali halisemi. Huenda ni mawimbi ya kusi nje ya mwamba, na hilo wakuulizwa ni manahodha.

Mwalimu mmoja ameniuliza kuhusu seli ndogo. Kanuni inayotumika sana ni idadi tarajiwa isiwe chini ya 5, na ni tarajiwa, si iliyoonekana. Ndogo yetu ni 20, tuko salama. Mimi ninaogopa zaidi nahodha mmoja kuandikwa safari kumi za mshipi. Hizo si shahidi kumi, ni mtu mmoja na mazoea yake, na kai-mraba itavimba bila picha kuonyesha dosari yoyote. Kwa hiyo kwenye daftari wekeni safu ya jina la chombo cha baharini, hata kama haiingii kwenye jedwali.