Kabla hujalipia gesi ya friji, pitisha karatasi kwenye mpira wa mlango

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nipo Majengo, hapa Moshi, jikoni kwa mama mmoja anayeuza juisi na maji ya baridi. Friji yake ni ile ya mlango mmoja, yenye kifriza kidogo juu kwa ndani. Inanguruma kutwa nzima bila kupumzika, kifriza kimejaa barafu mpaka kifuniko hakifungi, na umeme wa LUKU anaununua kila mara. Fundi aliyepita kamwambia gesi imeisha, atafute hela ijazwe.

Hapo kwenye gesi tuelewane kwanza. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka yote, na ikipungua ujue kuna mahali panavuja. Ikipungua hivyo, barafu hushika kipande kidogo tu cha kifriza au haishiki kabisa, na vitu havipoi. Huyu mama barafu anayo, tena nyingi kupita kiasi. Barafu ya namna hiyo imetokana na unyevu, na unyevu umekuja na hewa ya nje inayopenya mlangoni. Kwa hiyo leo hatugusi mabomba. Tunaanza na mpira wa mlango.

Chomoa plagi kwanza. Halafu fungua mlango, tuutazame mpira kwa karibu. Sogeza kamera hapa. Mnaona una mikunjo mikunjo kwa ndani, ule unaobonyea mlango ukifungwa. Na huu ukingo wa mbele, ukiubonyeza utasikia kitu kigumu ndani yake. Hiyo ni sumaku, utepe mrefu unaopita kila upande. Sumaku ndiyo inayouvuta mpira ukashikana na bati la friji, mpira wenyewe kazi yake ni kuziba.

Sasa, watu wengi wakisikia kipimo cha karatasi wanakimbilia karatasi moja kwa moja. Usianze hivyo, safisha kwanza. Mpira wenye sukari kavu ya soda au juisi unaigandisha karatasi. Ukiivuta inagoma, unafurahi kwamba mlango unabana, kumbe ni gundi ya sukari tu. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, pitisha kitambaa, na ndani ya mikunjo tumia mswaki wa zamani. Futa na bati la friji pale mpira unapogusa. Usitumie petroli, thina wala dawa ya kung'arishia nguo, zinakausha mpira ukapasuka. Ukimaliza, kausha kabisa, maana karatasi ikilowana nayo inanata.

Oneni hapa chini upande wa bawaba. Kitambaa kimetoka cheusi.

"Mama, hapa palimwagika nini?"

"Juisi ya ukwaju, mwanangu. Ilitiririka kutoka rafu ya juu. Nilifuta ndani tu, huko sikukuona."

Sawa. Likumbukeni hilo, tutalirudia muda si mrefu.

Haya, karatasi. Kata kipande cha karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili, urefu kama wa kalamu. Tumia kipande hicho hicho kuzunguka mlango mzima, kwa sababu tunalinganisha sehemu moja na nyingine. Ukibadilisha karatasi nene na nyembamba katikati ya kazi, mkono wako utakudanganya.

Weka nusu ya karatasi ndani, nusu nje, funga mlango taratibu bila kuubamiza. Sasa ivute polepole, kwa mkono usio na haraka. Mpira ukiwa mzima, karatasi inatoka kwa kugoma kidogo, unasikia kabisa kwamba imeshikwa. Ikichomoka yenyewe, au ukiweza kuichezesha kushoto na kulia bila kizuizi, hapo hewa inapita. Sogea upana wa kiganja, rudia. Anza juu upande wa kitasa, shuka, pita chini, panda upande wa bawaba, malizia juu. Upande wa bawaba ndio watu wanaouruka kwa sababu haufikiki vizuri, na ndiko ubovu mwingi unakojificha. Kila panapolegea, weka alama ya chaki kwenye mlango.

Kwenye kona nne msishtuke. Vipande vya sumaku huishia kabla ya kona, havikutani, kwa hiyo hata friji mpya karatasi hulegea kidogo pale. Kona mimi naipima kwa mwanga. Washa tochi ya simu, ilaze ndani ikielekea kona, funga mlango, zima taa za jikoni na uangalie. Ukiona mstari wa mwanga, kona hiyo ina uwazi.

Tumemaliza kuzunguka, tazameni chaki zangu. Upande wa kitasa karatasi imeshikwa toka juu hadi chini. Juu sawa, chini sawa. Chaki zote zimekusanyika hapa, upande wa bawaba, kuanzia chini kupanda kama viganja viwili. Kumbe ni pale pale penye ukwaju. Kilichotokea ni hiki: upande wa bawaba mpira haubonyezwi tu, unasuguana na bati kila mlango ukizunguka. Penye utelezi unapita salama. Penye kunata unashikwa, unavutwa, unajikunja kwa ndani. Ukifungwa ukiwa umejikunja siku baada ya siku, unazoea umbo hilo.

Laiti chaki zingejipanga juu nzima, upande wa kitasa, na mpira wenyewe umenyooka, ningewaambia tuuache mpira, tuangalie bawaba. Mlango uliobeba chupa nyingi kubwa huinama, na hakuna maji ya moto yatakayouinua.

Kipimo kimoja kingine kabla hatujachemsha maji: chukua pini ya karatasi, isogeze kwenye mpira pale palipolegea. Imenasa, mnaona? Sumaku ipo. Ingeanguka, mpira huu tungeubadilisha. Bonyeza pia kwa kidole. Ukirudi taratibu, bado una uhai. Ukiwa mgumu kama plastiki ya ndoo, au ukiukunjua ukaona nyufa, maji ya moto hayatausaidia, kanunue mwingine.

Huu bado una uhai, kwa hiyo tuulainishe. Maji yasichemke. Nachukua kikombe kimoja cha maji yanayotokota na kikombe kimoja cha maji ya bomba, nachanganya kwenye beseni. Hapa Moshi mchanganyiko huo unakuja karibu nyuzi 60, moto wa kuvumilika kwa kitambaa lakini si kwa mkono uliozama, basi vaa glavu. Maji yanayotokota ukiyamwagia mpira yanaweza kuuvuruga umbo, na ukijimwagia mwenyewe ni kuungua.

Loweka taulo dogo, likamue mpaka lisidondoshe, kisha lizungushie sehemu iliyojikunja. Lishikilie dakika 3 hadi 5. Likipoa, lirudishe kwenye maji, rudia. Ukiwa Arusha mwezi wa saba, asubuhi ile ya baridi, mpira utagoma zaidi, ongeza mizunguko na ubadilishe maji yakipoa. Angalieni swichi ya taa ya ndani isipate maji.

Sasa umelegea. Shika ukingo kwa vidole, uvute nje taratibu ukiunyoosha, kisha pitisha kidole gumba ndani ya mkunjo kutoka chini kwenda juu. Msivute kwa nguvu kuelekea kwenu. Mpira huu umepachikwa kwenye mfereji wa mlango, ukiuvuta sana unachomoka. Ukichomoka si msiba, rudisha kona kwanza, halafu ubonyeze katikati ukielekea pande zote. Friji za zamani nyingine mpira umefungwa na skrubu, hizo ukifunua ukingo wa ndani utaziona.

Mpira ukinyooka ukiachwa, utarudi ulikozoea. Kwa hiyo tunaupa kitu cha kuuzuia. Nimekata kipande chembamba cha sponji ya kuoshea vyombo, nakiingiza nyuma ya mkunjo, kati ya mpira na mlango, ili kiusukume nje. Kisizidi unene wa kidole kidogo, kikizidi kitauzuia mlango wenyewe na sehemu za jirani zitaanza kulegea. Kausha vizuri. Kisha paka mafuta ya mgando, ila tu ule ukingo wa upande wa bawaba unaosuguana na bati. Kiasi cha kung'aa, hatupiki chapati hapa. Mafuta ya kula usiweke, yanakamata vumbi na kunata, ukwaju mwingine huo.

Funga mlango ukiuangalia mpira ulale sawa, chomeka plagi, acha umefungwa mpaka asubuhi. Ndiyo maana kazi hii tunaifanya jioni mama akishafunga biashara. Mpira unapoa ukiwa umebanwa kwenye bati, na umbo jipya linashika.

Tumerudi, ni asubuhi. Natoa sponji, nafuta yale mafuta kwa kitambaa chenye sabuni, nakausha. Nayafuta kwa sababu karatasi juu ya mafuta inateleza, ungedhani hatujafanya kitu. Narudi na kipande kile kile cha karatasi. Chini kabisa, imeshikwa. Kiganja kinachofuata, imeshikwa. Hapa katikati imegoma lakini kwa ulaini kidogo kuliko pengine. Inakubalika, lakini leo jioni tutaikanda tena kwa taulo la moto sehemu hiyo moja. Ikilegea tena wiki ijayo baada ya hapo, mpira umechoka na nitamwambia mama anunue.

Akienda dukani asiseme tu "mpira wa friji". Achukue namba ya modeli kwenye kibandiko, mara nyingi kipo ndani pembeni au mgongoni, na apime urefu na upana wa mpira toka ukingo hadi ukingo. Mpya nao huja umekunjwa kwenye paketi, hivyo kabla ya kuupachika ataulaza kwenye beseni la maji ya joto lile lile mpaka ulegee.

Napaka mafuta upya upande wa bawaba. Barafu ya zamani tunaiyeyusha leo, friji ikiwa imezimwa na mlango wazi, bila kisu wala bisibisi, kwa sababu bomba la gesi liko nyuma ya hilo bati jembamba, ukilitoboa ndipo utakapokuwa na shida ya gesi kweli.

Na jambo la mwisho, mama.

"Hiki kidude cha baridi uliweka ngapi?"

"Saba, mwanangu. Si ilikuwa haipoi?"

Tunairudisha 3. Kesho mchana akae na friji akiwa anakamua juisi, asikilize kama motor inazima na kupumzika. Ikizima, 3 inatosha.