Kutoka Vipimo vya Mizani hadi Fomula: Sesamini ya Ufuta

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa kemia wa kidato cha tano na sita, Mtwara)

Shikamooni walimu wangu. Vijana, habari za mchana.

Ufuta mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo nachukua mfano wangu humo. Ndani ya mafuta ya ufuta kuna kitu kinaitwa sesamini. Ukikisafisha vizuri unapata fuwele nyeupe zenye kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Tujifanye hatujui fomula yake, tuitafute kwa kuiunguza.

Tunapima gramu 0.250 na kuziunguza ndani ya mkondo wa oksijeni kavu. Gesi zinapita juu ya oksidi ya shaba iliyo moto, ili kama kuna kaboni monoksidi imeponyoka igeuke kaboni dioksidi. Kisha zinapita kwenye mrija wa kalsiamu kloridi kavu, unaonasa maji, halafu ule wa sodiamu hidroksidi, unaonasa kaboni dioksidi. Mpangilio huo usiubadilishe: sodiamu hidroksidi hunywa maji pia, ikitangulia itameza vyote viwili na hutajua kipi ni kipi. Mrija wa kwanza umeongezeka gramu 0.114, wa pili gramu 0.621.

Kaboni yote iliyo katika mrija wa pili imetoka kwenye sampuli. Gawa 0.621 kwa 44.01, unapata moli 0.01411 za kaboni, sawa na gramu 0.1695. Kwa maji, gawa 0.114 kwa 18.02 kisha zidisha kwa mbili, maana kila molekuli ya maji ina haidrojeni mbili: moli 0.01265, sawa na gramu 0.0128.

Sasa oksijeni, na hapa ndipo wengi huteleza. Wanajumlisha oksijeni iliyo kwenye maji na iliyo kwenye kaboni dioksidi. Haya, jumlisheni: mtapata gramu 0.553. Sampuli yenyewe ilikuwa gramu 0.250! Nyingi ya oksijeni hiyo tumeileta sisi kutoka kwenye mtungi. Ya sampuli hupatikana kwa kutoa: 0.250 toa 0.1695 toa 0.0128, inabaki gramu 0.0677, yaani moli 0.00423.

Hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa oksijeni ni masalio, kila kosa la vipimo vingine huishia kwake. Kaboni ikiungua nusunusu, oksijeni inavimba. Na kwa hewa yetu ya pwani, sampuli isiyokaushwa vizuri inaleta maji yake yenyewe: haidrojeni na oksijeni zinapanda, kaboni inashuka.

Gawa moli zote kwa ile ndogo kabisa, 0.00423. Kaboni inakuwa 3.34, haidrojeni 2.99, oksijeni 1. Mkono unawasha kuandika C₃H₃O, sivyo? Uzuieni. Haidrojeni 2.99 ni 3, sawa, lakini 3.34 ni tatu na theluthi, na theluthi haifutwi kwa kalamu. Zidisha zote kwa tatu: 10, 9 na 3. Fomula empiriki ni C₁₀H₉O₃, uzito wake 177.

Kabla ya kwenda mbele, hesabuni haidrojeni: tisa. Molekuli ya kawaida yenye kaboni, haidrojeni na oksijeni pekee huwa na haidrojeni za idadi shufwa. Kwa hiyo C₁₀H₉O₃ haiwezi kuwa molekuli yenyewe. Lazima iwe mara mbili, au nne, na kuendelea. Uzito wa molekuli haujapimwa bado na tumeshaondoa nusu ya majibu.

Uzito wa molekuli tuupate kwa kafuri. Kafuri iliyoyeyushwa, ukiichanganya na kitu kingine, joto lake la kuganda hushuka sana, takriban digrii 40 kwa moli moja ndani ya kilo moja. Tuseme gramu 0.100 za sesamini katika gramu 1.00 ya kafuri zimeshusha joto hilo kwa digrii 11.0. Hesabu inatoa uzito wa 364. Gawa kwa 177: 2.06. Ni mbili. Kipimo hiki hakikuwa kizuri sana, lakini hakikuhitaji kuwa kizuri. Kazi yake ilikuwa kuchagua kati ya mbili na nne. Fomula ya molekuli ni C₂₀H₁₈O₆, uzito 354.

Na yule aliyeandika C₃H₃O? Uzito wa fomula yake ni 55. Agawe 364 kwa 55: 6.6. Si sita, si saba. Jibu likikaa katikati hivyo, asikimbilie kulaumu kafuri kwanza. Arudi kwenye uwiano, aangalie alikadiria wapi, na kama sampuli ilikuwa kavu.

Mafuta ya ufuta yakisafishwa kiwandani kwa udongo wenye asidi, sehemu ya sesamini hugeuka episesamini, yenye fomula ileile ila atomi zake zimepangika tofauti. Iunguze hiyo, mirija itaongezeka kwa gramu zilezile.