Hisa imeshuka, mfuko umekauka: koli moja kwa mbili

Haya jamani, tuendelee, na wale wamenisikia nikiliongea hili jambo mara mia mnivumilie, maana kila nikimaliza kuongea kuna mtu ananifuata mlangoni ananiambia "mwalimu hisa yangu imeshuka nifanye nini" na nikimuuliza amefanya nini mpaka sasa anajibu ameongeza nyingine kwa bei ya chini. Kila siku jibu ni hilohilo!

Tuchukue mfano mmoja tu tukae nao. Una hisa 100, ulinunua kwa 50, leo iko 40. Sarafu weka yoyote unayotaka, hesabu haibadiliki. Umeingiza 5,000 na uko chini 1,000. Yule wa kuongeza anatoa 4,000 nyingine ananunua 100 zaidi, wastani wake unakuwa 45, anafurahi kwamba sasa bei ikifika 45 ametoka salama. Sawa, kweli atatoka. Ila ikienda 35 wewe uliyekaa kimya umepoteza 1,500, yeye kapoteza 2,000, na pesa yake 9,000 yote imelala kwenye kampuni moja ambayo tayari ilishamwangusha. Mimi nasema hiyo 45 unaweza kuipata bila kutoa hiyo 4,000.

Unafanyaje? Unaenda kwenye opsheni za hisa hiyohiyo, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, tarehe ya kuisha tuseme miezi mitatu mbele. Unanunua koli moja, yaani haki ya kununua hisa, ya straiki 40, ndiyo bei iliyopangwa ya kununulia, na unailipia 3.40 kwa kila hisa. Halafu unauza koli mbili za straiki 45, katikati ya 50 uliyonunulia na 40 ya leo, kila moja 1.70. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo umelipa 340 na umepokea 340. Umebaki na kamisheni tu ya broka. Zote tatu ziingie kwa oda moja, usianze kununua leo ukauze kesho.

Najua kuna mtu hapo nyuma ameshakunja uso, "kuuza koli mbili na nina hisa 100 tu, si hiyo moja iko uchi, haina hisa za kuifunika?" Hapana, ebu fuatana nami. Koli moja uliyouza imefunikwa na hisa zako. Ya pili imefunikwa na ile koli ya 40 uliyonunua. Bei ikipaa mpaka 60, wanaokudai wanataka hisa 200 kwa 45. Wewe unatoa 100 zako, na nyingine 100 unazipata kwa kutumia haki yako ya kununua kwa 40. Unapokea 9,000, unalipa 4,000, mkononi imebaki 5,000. Ni ileile uliyoingia nayo, hata senti haijapungua ukiacha kamisheni.

Sasa tuangalie siku ya mwisho. Bei ikiwa 42, hisa iko chini 800 lakini koli yako ya 40 ina 200, kwa hiyo hasara ni 600. Ikiwa 45 kamili, hisa chini 500, koli juu 500, umetoka. Yaani kati ya 40 na 45 kila hatua moja ya bei inakurudishia mbili. Ikiwa 35 opsheni zote zimekufa, na hasara yako ni 1,500, sawasawa na aliyekaa bila kufanya kitu. Hapo ndipo watu wananisikia vibaya. Huu mkakati HAUKULINDI chini. Kama unaamini kampuni inazama, uza hisa uondoke, usije kukarabati jengo linaloungua.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera kuliko yote. Jamaa mmoja alinipigia simu saa tatu usiku, sauti juu, "ulinidanganya!" Alikuwa ameweka huu mkakati kwa bei hizihizi, na wiki tatu tu baadaye hisa ikaruka mpaka 45. Akafungua akaunti akitegemea kuona sifuri, akakuta bado iko chini 540. Nikamwambia nisomee bei moja moja. Koli ya 40 inasema ngapi? 6.20. Za 45? 3.30 kila moja. Basi hesabu mwenyewe: unayo 620, unadaiwa 660, upande wa opsheni uko chini 40, hisa chini 500, jumla 540. Hakuna aliyekudanganya!

Kinachotokea ni kwamba zile koli mbili ulizouza bado zina zaidi ya miezi miwili ya kuishi, na hisa ikisimama palepale kwenye straiki ndipo thamani ya muda, ile sehemu ya bei inayolipiwa siku zilizobaki, inakuwa nono zaidi, na wewe unadaiwa thamani hiyo mara mbili. Inayeyuka taratibu, na inayeyuka kwa kasi wiki za mwisho. Bei ikibaki hapohapo 45 mpaka siku ya mwisho, zile 660 zinakuwa sifuri, koli yako inabaki na 500, na umetoka. Kwa hiyo huu mkakati unalipwa na muda, haulipwi siku bei inapofika. Jamaa alitaka kufunga palepale kwa hasira. Angefunga angekuwa amelipa kamisheni na kupata pungufu ya kile ambacho hisa peke yake ingempa.

"Lakini mwalimu, ikipanda mpaka 60 si nimekosa faida?" Ndio umekosa! Aliyekaa kimya ana faida 1,000 na wewe una sifuri. Hiyo ndiyo bei ya kupewa koli bure. Kama roho itakuuma, usifanye. Huu ni mkakati wa mtu anayesema nataka kurudisha pesa yangu niondoke, basi.

Muda unanibana, niharakishe. Kuna kushuka kwingi mno. Hisa ikitoka 50 mpaka 30, katikati ni 40, na koli za straiki 40 wakati bei ni 30 hazina thamani ya maana. Kwa mtikisiko uleule wa bei na miezi ileile mitatu, koli ya 30 itakugharimu kama 2.55 na zile mbili za 40 zitakupa kama 0.60 zote pamoja. Pengo unalijaza mwenyewe, au unasogeza tarehe mbali sana na kungoja mwaka na zaidi. Mtu aliyeshuka asilimia 20 hivi huu unamfaa, wa asilimia 40 asijidanganye.

Gawio nalo, kwa kifupi: kama bei iko juu ya 45 na siku ya gawio inakaribia, aliyenunua koli zako anaweza kudai hisa mapema ili ale gawio. Angalia kalenda kabla ya kuweka oda.

Na la mwisho kabla hawajanizimia maiki. Bei ikipanda usishawishike kuuza ile koli ya 40 peke yake eti umeona faida, maana ukiitoa hiyo ndipo koli moja ya 45 inabaki uchi kweli na broka atakudai dhamana siku hiyohiyo. Unafunga zote tatu kwa pamoja, au kama lazima upunguze, anza kununua zile ulizouza. Haya, nani alikuwa na swali la tarehe za mbali?