Bajeti ya Mashine ya Sembe: Viroba Vikipungua, Usikimbilie Kusema "Tumeokoa"

Mugonile, ndugu zangu wa Mbeya, na karibuni wote mnaonitazama kutoka Iringa, Njombe na Songwe. Leo tunafungua Excel. Wenye daftari pia mko salama, mistari ni ileile.

Mfano wetu ni kiwanda kidogo cha sembe pale Uyole, na tarakimu ni za mfano. Mwezi Februari kilipanga kutoa viroba 2,000 vya kilo 25. Shule za bweni zikapunguza oda, vikatoka 1,500, vyote vikauzwa. Matumizi yaliyopangwa ni shilingi 47,600,000. Yaliyotumika ni 38,240,000. Msimamizi anakuja kwa mwenye mashine anatabasamu: "Bosi, tumeokoa milioni tisa na ushee." Twende tukaone kama kuna kilichookolewa.

Kuandika vichwa vya safu nakimbia, hilo mnalijua. Seli B1 andika 2000, ndivyo viroba tulivyopanga. B2 andika 1500, ndivyo vilivyotoka. Kuanzia mstari wa 5 shuka na mahindi, mfuko na uzi, umeme, wafanyakazi, halafu pango na mlinzi. Safu B ni gharama ya kila kiroba. Safu C ni gharama ya mwezi, ile inayolipwa hata mashine ikilala.

Sasa tujaze. Kiroba kimoja kinakula kilo 35 za mahindi kwa shilingi 600 kilo, kwa hiyo B5 ni 21,000. Mfuko na uzi 500. Umeme 1,000. Wafanyakazi subiri kidogo. Pango na mlinzi ni 1,200,000, inaingia safu C.

Hapa naomba utulie. Pango USILIGAWE kwa viroba. Najua mkono unawasha: 1,200,000 gawa kwa 2,000 ni shilingi 600, inaonekana safi, unaiweka safu B. Kisha viroba vinakuwa 1,500, kompyuta inakuambia pango la mwezi huu lilipaswa kuwa 900,000. Mwenye nyumba na mlinzi wanataka 1,200,000 yao kama kawaida. Tayari umetengeneza hasara ya 300,000 ambayo haipo, na utaanza kugombana na watu wasio na kosa. Pango linakaa safu C, zima. Nitarudia tena mbele, msichoke.

Haya, wafanyakazi. Fundi na vibarua wana posho ya msingi ya 800,000 kwa mwezi, halafu kila kiroba kinachoshonwa wanaongezwa 300. Gharama hii ina miguu miwili. Andika 300 safu B na 800,000 safu C, mstari uleule. Ukiiweka yote upande mmoja hesabu inapinda. Kama hujui msingi ni kiasi gani, chukua mwezi wenye viroba vingi na mwezi wenye viroba vichache, tafuta tofauti ya malipo, gawa kwa tofauti ya viroba, unapata kiwango cha kiroba kimoja. Zidisha kiwango hicho kwa viroba vya mwezi mmoja, toa kwenye malipo ya mwezi huohuo, kinachobaki ni msingi. Ila hakikisha viwango vya malipo havikubadilika kati ya miezi hiyo miwili.

Sasa fomula. D5 ni bajeti isiyobadilika, ya viroba tulivyopanga, E5 ni bajeti inayonyumbulika, ya viroba vilivyotoka, F5 unaandika kilichotumika kweli, G5 ni tofauti:

```
D5: =B5*$B$1+C5
E5: =B5*$B$2+C5
G5: =F5-E5
```

Alama za dola zisisahaulike, zinaishikilia seli isihame ukivuta fomula kwenda chini. Vuta... Ngoja, safu E imejaa alama za reli. Hakuna kilichoharibika, safu ni nyembamba tu. Bofya mara mbili mpaka wake hapo juu, inapanuka. Hiyo. Na samahani kwa mwanga, jua la Mbeya mchana huu linapiga kioo moja kwa moja. Nasogeza kompyuta kidogo.

Angalieni safu E. Kwa viroba 1,500, mahindi yalipaswa kuwa 31,500,000, mifuko 750,000, umeme 1,500,000, wafanyakazi 1,250,000, na pango palepale 1,200,000. Palepale, mmeona? Kwa sababu lipo safu C. Jumla 36,200,000.

Kilichotumika ni 38,240,000. Milioni tisa "zilizookolewa" zimeyeyuka, na kiwanda kimezidisha 2,040,000. Viroba 500 visivyosagwa haviwezi kula mahindi, kwa hiyo fedha yake kubaki mfukoni si ujanja wa mtu.

Mstari ninaoupenda mimi ni umeme. Ulipangwa 2,000,000, umelipwa 1,740,000. Ukilinganisha na bajeti isiyobadilika, umeokoa 260,000. Ukilinganisha na viroba vilivyotoka, umezidisha 240,000. Risiti za luku ni zilezile, majibu mawili yanayopingana. La pili ndilo linalokupeleka kwenye mashine: mkanda umelegea na unateleza? Mota inazungushwa tupu huku vibarua wanasubiri gunia lingine?

Mahindi ndiyo makubwa. Tumetumia 33,300,000, yaani 1,800,000 zaidi. Bei haikupanda, mzigo ulinunuliwa Julai wakati wa mavuno ukawekwa stoo. Basi tatizo ni kilo. Gawa 33,300,000 kwa 600, unapata kilo 55,500, na kwa viroba 1,500 ni kilo 37 kila kiroba badala ya 35.

Kilo mbili zimekwenda wapi? Pima pumba. Kwenye kilo 35, sembe ni 25, pumba na vumbi kama 10. Pumba zikifika 12, mahindi yamepita mashineni: ama kinu kinakoboa kupita kiasi, ama dumuzi wameingia stoo na punje zinavunjika kuwa unga wa pumba. Shika punje mkononi, matundu utayaona. Pumba zikibaki 10, hayo mahindi hayakufika kwenye kinu. Kagua mizani ya mapokezi na funguo za stoo.

Je, safu D tuifute? Hapana. Mapato yalipangwa 58,000,000 kwa 29,000 kila kiroba, faida 10,400,000. Faida halisi ni 5,260,000, imeshuka 5,140,000. Kila kiroba kinabakiza 6,200 baada ya gharama zake, hivyo viroba 500 vilivyokosekana ni 3,100,000. Hiyo ni habari ya soko, muulize anayetafuta oda. Zile 2,040,000 zilizobaki muulize anayeendesha mashine. Bila safu D usingejua soko limekunyima kiasi gani.

Kuna kikomo kimoja. Safu C haibadiliki ndani ya uwezo wa mashine yako tu. Ukipata oda ya viroba 4,000 na ukalazimika kusaga usiku, kuna zamu nyingine na mlinzi mwingine, kwa hiyo ongeza C8 na C9 kwanza kabla ya kugusa B2. Na kwa mara ya mwisho: pango, safu C, zima, bila kugawa. Anayetaka faili hili likiwa limeshapangwa mistari aniandikie, ninaliuza pamoja na daftari lake la kupimia pumba kila siku.