Kilele kinachojificha juu ya mistari: kuchora mchoro wa Bode wa mfumo unaotikisika

(Mhadhara kwa mafundi wa udhibiti na wanafunzi wa uhandisi, Dodoma)

Ndugu zangu, habari za mchana. Leo tunachora mfumo mmoja tu, lakini tutauchora mpaka mwisho. Chukueni karatasi ya grafu yenye mhimili wa logi, penseli na rula.

Mfumo wetu ni mota inayozungusha fremu kubwa ya paneli za sola ili zifuate jua. Kati ya mota na fremu kuna shafti ndefu, nyembamba. Shafti hiyo inajipinda kidogo na kujirudisha kama springi, na msuguano wa kuituliza ni mdogo. Upepo wa hapa Dodoma ukipiga fremu, inayumba mara kadhaa kabla ya kutulia. Tuseme kitanzi kikiwa wazi, uhusiano wa amri ya mota na pembe ya fremu ni huu:

```
G(s) = 300 / ( s (s^2 + 2s + 100) )
```

Kabla ya kugusa penseli, iandikeni upya ili kila kipengele kianze na 1. Gaweni mabano kwa 100:

```
G(s) = 3 / ( s (1 + 0.2(s/10) + (s/10)^2) )
```

Sasa kila kitu kinaonekana. Geini ni 3. Kuna kiunganishi kimoja, yaani ile s peke yake. Kisha kuna jozi ya poli changamano yenye masafa asilia ya radiani 10 kwa sekunde. Ile 0.2 ni mara mbili ya uwiano wa ufifishaji, kwa hiyo uwiano wenyewe, ζ, ni 0.1. Anayeruka hatua hii huchukua 300 kuwa ndiyo geini, na mchoro wake wote unapanda desibeli 40 juu ya mahali pake.

Tuanze na ukubwa. Kiunganishi kinatoa mstari unaoshuka desibeli 20 kwa kila dekadi, na unakata sifuri pale masafa yanapolingana na geini, yaani 3. Kwenye 1 mstari uko 9.5, kwenye 10 uko −10.5. Hapo kwenye 10 jozi inaingia kazini na kuongeza mteremko wa desibeli 40, kwa hiyo kuanzia hapo tunashuka 60 kwa dekadi na kufika −70.5 kwenye 100. Mistari miwili, kona moja. Asimtoti zimekwisha.

Ukiishia hapa, utasoma hivi: mfumo unavuka sifuri mara moja, kwenye 3, na kwenye 10 tuko desibeli 10.5 chini, salama kabisa. Usomaji huo ni wa uongo, na ndiyo sababu ya mhadhara huu.

Asimtoti za jozi hazimjui ζ. Zingekuwa zilezile ζ ikiwa 0.7 au 0.01. Kwa hiyo kona lazima isahihishwe kwa mkono. Kwenye masafa asilia yenyewe, ukubwa halisi wa jozi ni 1/(2ζ). Kwetu ni 5, sawa na desibeli 14. Wekeni nukta desibeli 14 juu ya kona: −10.5 ongeza 14, tunapata +3.5. Kilele cha jozi chenyewe kiko kushoto kidogo, kwenye 9.9, lakini kwenye karatasi hamtaiona tofauti hiyo.

Nukta moja haitoshi kuchora umbo. Ongezeni nyingine nne, nazo zinakuja wawiliwawili, kwa sababu kwenye mhimili wa logi masahihisho yanalingana pande zote mbili za kona. Kwenye 8 na 12.5 ongezeni desibeli 8.1, kwenye 5 na 20 ongezeni 2.4. Unganisheni kwa mkono mwepesi. Mtaona mkunjo unashuka chini ya sifuri karibu na 3.4, unazama mpaka kama −2.3 karibu na 6, unapanda tena na kuvuka sifuri kwenye 8.2, unafika +3.5, halafu unavuka kushuka karibu na 10.8. Mara tatu! Mistari ilituonyesha moja.

Sasa fezi. Kiunganishi kinatoa −90 pote, hakina maneno mengi. Jozi inatoka sifuri hadi −180, na inapita −90 kwenye 10. Swali ni mstari wa katikati uanzie wapi. Wengi hutumia kanuni ya poli halisi: dekadi moja kabla, dekadi moja baada, yaani kutoka 1 hadi 100. Kwa ufifishaji mdogo hilo ni kosa kubwa. Kwenye 5, mstari huo unadai jozi imekwisha kuchukua nyuzi 63, wakati ukweli ni nyuzi 7.6 tu. Tumieni kanuni hii: anzeni kwenye 10 ukigawa kwa 10^ζ, malizieni kwenye 10 ukizidisha kwa 10^ζ. Kwetu 10^0.1 ni 1.26, kwa hiyo mstari unatoka 7.9 hadi 12.6. Fezi inaanguka nyuzi 180 ndani ya nafasi hiyo finyu, karibu kama ukuta. Kingo zake zilainisheni: kwenye 7.9 fezi halisi ya jozi iko karibu −23, na kwenye 12.6 karibu −157.

Wekeni michoro miwili juu na chini, kisha someni. Kwenye 3.4 fezi ya jumla ni kama −94, akiba ya nyuzi 86. Inapendeza. Lakini kwenye 10 fezi ni −180 kamili na ukubwa uko juu ya sifuri kwa desibeli 3.5. Mkifunga kitanzi hiki, fremu haitatulia. Itayumba kwa takriban radiani 10 kwa sekunde, mzunguko mmoja kila sekunde 0.6 hivi, na mtikisiko utazidi kukua. Hakikisheni kwa hesabu ya Routh: s^3 + 2s^2 + 100s + 300. Mbili mara 100 ni 200, pungufu ya 300. Hakuna utulivu. Mpaka ni geini 2.

Hata vipimo vya uwanjani vinaweza kuficha kilele hiki. Fundi akipima kwenye 5, 8, 12.5 na 20, atapata −2, −0.4, −8.2 na −26.1, yote chini ya sifuri. Upana wa kilele ni takriban 2ζ mara masafa asilia, hapa radiani 2 kwa sekunde. Kati ya 8 na 12 pimeni kila nusu radiani.

Tiba ya kwanza ni kushusha geini mpaka 1. Kilele kinakuwa −20 ongeza 14, yaani akiba ya desibeli 6. Lakini angalieni akiba hiyo imesimama juu ya nini: ζ ikipungua kwa nusu, kilele kinapanda desibeli 6. Mkibadilisha beringi zilizochoka na kuweka mpya, msuguano unapungua. ζ ikifika 0.05, akiba yote imekwisha na hakuna aliyegusa kidhibiti.

Kwa hiyo kila baada ya matengenezo, pimeni ζ upya. Zimeni kidhibiti, fungeni shafti upande wa mota isizunguke, sukumeni fremu, iacheni iyumbe, na rekodini vilele vya myumbo. Kwa ζ ya 0.1 kila kilele kinabaki na asilimia 53 ya kilichotangulia upande uleule, kwa 0.05 kinabaki na 73. Masafa na ζ hivyo vya shafti iliyofungwa ndivyo vya jozi yetu iwapo mota inashikilia mwendo inaoamriwa bila kuyumbishwa na fremu, na mfano wetu umejengwa juu ya sharti hilo.